Novemba 2 makaburini Mombasa: kusafisha, mishumaa, maua na chakula, mwongozo kamili

Kila mwaka ikifika mwisho wa Oktoba naanza kupigiwa simu na binamu zangu, "wewe ndo wajua mambo ya makaburini, tubebe nini?" Nikajisemea wacha niandike yote mara moja, manake mimi mwenyewe nimekosea miaka kadhaa kabla sijajua kazi hii inaendaje hapa kwetu na hili jua letu, upepo wa bahari, mvua za vuli na hawa kunguru. Familia yetu ni Wakatoliki, bibi yangu mzaa mama amezikwa Mbaraki hapa kisiwani na ndiye nitakayemtumia kama mfano mwanzo mpaka mwisho, kaburi lake ni la teraso, lina msalaba wa chuma kichwani na kibao cha marumaru chenye jina.

Kwanza elewa tarehe. Sikukuu ya Watakatifu Wote ni Novemba 1, Marehemu Wote ni Novemba 2, na Kenya hiyo siku si holidei. Mwaka 2025 iliangukia Jumapili mambo yakawa rahisi, 2026 ni Jumatatu watu wako kazini. Usijali, Kanisa linatoa nafasi ya siku nane, kuanzia tarehe 1 mpaka 8, ukienda makaburini ukawaombea marehemu hata kwa moyo tu bila kutamka, unaweza kuwapatia rehema kamili walioko toharani. Masharti ni yale yale: kitubio, komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu na moyo usiong'ang'ania dhambi. Kitubio kimoja kinatosha siku kadhaa lakini komunyo ni kila siku unayoombea, na rehema kamili ni moja tu kwa siku. Kwa hivyo sisi twagawana, mama anashika tarehe 2 ya bibi, mimi nashika Jumamosi ya babu, mwingine yake, hatuendi wote siku moja kusukumana. Mwaka 2020 wakati wa korona Roma ilirefusha hiyo nafasi mpaka mwezi mzima ili watu wasijazane, lakini mwaka wa kawaida ni siku nane.

Na majina ya nia za misa peleka parokiani mapema, ile bahasha ya marehemu ikishatolewa usikae nayo mpaka tarehe 1 usiku. Uliza pia kwenye jumuiya kama padri atakwenda kubariki makaburi na siku gani, kama yuko basi panga yako iende na hiyo.

Sasa siri kubwa ya hii kazi yote ni hii: usifanye kila kitu siku moja. Nenda mara mbili. Wiki moja kabla unaenda kufanya kazi chafu, siku yenyewe unakwenda kusali. Sisi tulikuwa twabeba majembe, rangi, maua, sufuria na watoto siku moja, saa tatu jua limeshakuwa kali, watoto walia, rangi haijakauka, mtu kakalia msalaba na suruali nyeupe, maua yamelala. Ukitenganisha yote haya yanaisha.

Safari ya kwanza: wiki moja kabla

Kulipata kaburi. Wewe wacheka lakini vuli ikianza nyasi zapanda kwa wiki mbili mpaka magotini na makaburi yote yafanana. Bibi yangu tulikuwa twamjua kwa mwarobaini, unatoka kwenye mti hatua kumi na nne kuelekea ukutani. Mwaka mmoja twafika, mwarobaini umekatwa hata kisiki hakionekani. Tulizunguka karibu saa nzima, mama akakaa chini. Tangu hapo napiga picha mbili na simu, moja ya kibao karibu, nyingine nikisimama miguuni pa kaburi naangalia kitu kisichohama kama kona ya ukuta au geti, na naweka pini ya ramani. Pini peke yake haitoshi, inaweza kukosea mita kadhaa na mita kadhaa makaburini ni makaburi matatu au manne. Kile kibali cha mazishi pia usikitupe, kama kina namba ya kaburi ukikwama wanaweza kukutafutia kwenye rejista.

Vya kubeba: madumu mawili ya maji ya lita ishirini, usitegemee bomba la pale. Ndoo moja, brashi laini ya kufulia mbili, mswaki wa zamani, sabuni ya maji kidogo kwenye chupa, vijiti vya aiskrimu, panga au mundu, glavu, fagio la chelewa, magunia mawili ya takataka (mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017 na gunia ni bora hata hivyo, halitoboki na miba). Kwa msalaba wa chuma ongeza msasa, rangi ya kuzuia kutu na rangi ya juu ya mafuta kopo dogo. Tuktuk moja inabeba vyote na watu wawili.

Anza na nyasi. Zilizo mbali kidogo kata na panga, lakini zile zinazotoka kwenye ufa wa kaburi ama pembeni mwa ukingo mwagia maji, ngoja dakika kumi, halafu ng'oa na mkono taratibu na mizizi yake. Usichimbe na jembe kando ya ukingo. Udongo wa kisiwani ni wa mawe ya matumbawe, ukiulegeza mvua inaupeleka chini, upande mmoja wa kaburi unakaa na teraso inapasuka. Nimeona kaburi la jirani wa bibi limeinama hivyo hivyo, upande waliokuwa wakilima kila mwaka "kusafisha".

Halafu fagia kavu kabla hujaleta maji. Mchanga ukiachwa juu ukaja kusugua na brashi ni sawa na kusugua na msasa, teraso inapoteza kung'aa.

Sasa kuosha, na hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Usitumie siki, usitumie ndimu, usitumie ile dawa kali ya kusugulia choo. Binamu yangu mmoja, nia yake njema kabisa, alimwaga dawa ya choo kwenye kaburi la bibi mwaka nilikuwa siko. Ikatoa povu jeupe "tssss" akafurahi akadhani uchafu ndo watoka. Kumbe linalotoka ni kaburi lenyewe. Teraso ni vipande vya marumaru vilivyoshikwa na simenti, na vyote viwili ni vya chokaa, asidi inavila. Kama hauamini dondosha tone la ndimu kwenye kipande cha marumaru kilichovunjika utaona mapovu. Mpaka leo sehemu ile ni mbaya, ukipitisha mkono unasikia kama chumvi ya mawe, na kwa kuwa imekuwa na vitundu uchafu mweusi unarudi pale haraka kuliko kwingine. Bilichi ya kufulia nayo wacha, inaweza kuacha chumvi ndani ya jiwe na chumvi hiyo ikikauka inasukuma uso wa jiwe kutoka ndani. Brashi ya waya kamwe.

Njia ni hii. Lowesha jiwe lote na maji matupu kwanza, lishibe, ndio sabuni isinyonywe ndani. Kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwenye ndoo nusu kinatosha, ukizidisha utakuwa wasuuza mpaka jioni. Sugua na brashi laini kwa mizunguko. Kile kibao kilichosimama kianze chini ukipanda juu, najua inaonekana kinyume, lakini ukianza juu maji machafu yanateremka kwenye jiwe kavu yanaacha michirizi ambayo haitoki. Yale madoa meusi na ukungu wa kijani ukivilowesha vizuri vinalegea, ambavyo vimeng'ang'ana kwangua na kijiti cha aiskrimu, kijiti kitaisha kabla ya jiwe. Herufi za jina piga na mswaki, taratibu kama zimepakwa rangi. Suuza mara mbili, maji yatoke masafi bila povu. Dumu moja kuosha, dumu moja kusuuza, kwa kaburi moja la mtu mzima hivyo ndivyo inavyoenda kwangu. Na maji ya bahari usithubutu hata kama uko hatua mbili na pwani.

Ukimaliza halitakuwa jeupe kama siku ya kwanza, na usilazimishe. Bibi yangu alizikwa miaka ya tisini, kaburi lake lina haki ya kuzeeka.

Msalaba wa chuma: chumvi ya hewa ya bahari inaula, utaona michirizi ya rangi ya chungwa inateremka kwenye teraso. Piga msasa mpaka uone chuma, futa vumbi na kitambaa kikavu, paka rangi ya kuzuia kutu, ikishikana ndio paka rangi ya juu. Angalia mawingu kwanza, vuli mvua yaja bila hodi na ikipiga rangi mbichi inatoka vidoti kama tetekuwanga. Funika teraso chini na gunia. Hii ndio sababu nyingine ya kwenda wiki moja kabla, siku ya sala msalaba umekauka na watu wanaweza kuugusa, manake mama yangu lazima aushike msalaba na mikono miwili, bila hivyo kwake hajafika.

Kabla ya kuondoka wape salamu wale vijana wa makaburini, mkubaliane bei mbele ya kazi kama watakusaidia nyasi, na waambie wasimwage dawa yoyote. Na makaburi mawili ya pembeni yang'olee nyasi pia, japo kidogo. Mbegu za jirani ndizo zitakazoota kwako.

Maua

Tarehe 1 jioni ndio wakati wa asumini. Kama mna mti nyumbani chuma vitumba ambavyo bado vimefunga, karibu na magharibi, vifunge kwenye kitambaa kibichi kilichokamuliwa uweke mahali pa baridi. Usiku vyafunguka vyenyewe na alfajiri unavikuta vyeupe na harufu yote iko ndani. Ukichuma asubuhi yaliyokwisha funguka, saa tatu yameshakuwa kahawia. Bibi yetu alikuwa mtu wa vikuba, Jumapili hakosi asumini na rihani kifuani, kwa hivyo twamtungia uzi mmoja mrefu wa asumini twauzungusha msalaba, rihani twachomeka katikati. Kila kaburi liwe na la mwenyewe, babu hakupenda harufu hizo anawekewa bogenvilia tu ya ukutani kwake. Bogenvilia ikate dakika ya mwisho, ikikatwa inanyauka upesi.

Maua ya kununua kama waridi yatoe kwenye ile karatasi ya nailoni papo hapo, ndani yake yanapikika. Kata vikonyo mshazari, yakae kwenye ndoo ya maji usiku kucha, yasafiri ndani ya ndoo.

Na sasa suala la vyombo vya maua, tafadhali lisome hili. Usiache chupa ya maji kaburini. Vuli tayari yatuletea mbu, na yule mbu wa mchana mwenye madoadoa meupe anayeleta dengi na chikungunya anapenda vyombo vidogo kama hivi, yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku kumi. Mwisho wa 2017 na 2018 Mombasa tulipigwa na chikungunya watu wakawa wanatembea wameinama kama wazee, mimi vidole vyangu viliuma miezi. Chukua chupa ya nusu lita, kata juu, toboa matundu matatu chini na msumari, jaza mchanga, mwagia maji mpaka yatoke chini, chomeka maua. Mchanga mbichi utayaweka mpaka kesho yake, upepo hauangushi, na mbu hana pa kutaga. Na ukiona vile vyungu vya simenti vya miaka ya nyuma vimejaa maji, vimwage na uvijaze mchanga, hata kama ni vya jirani.

Maua ya plastiki kila mtu na yake, lakini jua la hapa linayafanya meupe kisha yanakatika vipande na vipande hivyo utaviokota wewe mwakani.

Mishumaa

Mwaka mmoja tuliiacha kwenye buti ya gari wakati wa misa. Saa moja na nusu tu. Tulipofungua ilikuwa imepinda kama ndizi za kisukari, pakiti nzima, tukaiwasha hivyo hivyo shangazi anacheka mpaka machozi. Sasa inasafiri ndani ya kibaridi pamoja na maji ya kunywa.

Adui mwingine ni upepo. Novemba kusi imeshakwisha na kaskazi haijakaa sawa, asubuhi huwa pametulia lakini ikipita saa nne upepo wa bahari unaanza kusukuma, ukitaka mishumaa iwake fika mapema. Mshumaa mtupu uliogandishwa kwa nta yake juu ya teraso ni makosa mara mbili, utazimika na utaacha doa la mafuta. Tumia chupa ya jemu yenye mdomo mpana. Mchanga chini vidole vitatu, mshumaa uliokatwa nusu umechomekwa imara katikati, moto uwe chini ya mdomo wa chupa kama upana wa vidole viwili. Usiuzamishe sana, chupa nyembamba yenye mshumaa chini kabisa haipati hewa, utaona moshi mweusi, kioo kinakuwa cheusi halafu puu, umezimika. Ule mchanga una kazi nyingine, mshumaa ukiisha moto haugusi kioo, bila mchanga kitako kinapasuka paa! na watoto wako miguu mitupu.

Kama ulihifadhi mishumaa iliyobarikiwa Februari 2, siku ya Kutolewa kwa Bwana Hekaluni, hiyo ndo yake. Mama huweka miwili kabatini mwaka mzima kwenye gazeti. Mishumaa ya rangi nyekundu usiilete kwenye marumaru, nta yake inapaka.

Nta ikimwagika wacha igande kabisa, inyanyue na ukingo wa kadi ya zamani ya plastiki. Usitumie kisu, na usimwage maji ya moto, yataiyeyusha iingie ndani ya jiwe na haitoki tena. Nyasi kavu zilizokatwa wiki iliyopita ziwe zimeondolewa kabla hujawasha kiberiti. Na hakuna kuondoka mishumaa ikiwaka, tunaweka moja ya kila mtu aliyefika, twasali, twazima, chupa zinarudi kapuni.

Chakula

Hapa ndio kila mwaka kuna mjadala nyumbani, kwa sababu upande wa bibi ni Wagiriama na mjomba wangu mkubwa alilelewa na desturi za koma, yaani roho za wazee waliokufa, kwake kumtembelea mzazi mikono mitupu bila kumwagia hata tembo la mnazi kidogo ni utovu wa adabu. Mama naye ni mtu wa Legio ya Maria, kwake hiyo ni kurudi nyuma. Miaka miwili walinuniana pale pale kaburini.

Katekista wetu ndiye alituamulia, na mfano wake sijausahau. Alisema Mtakatifu Monika, mama yake Agostino, alikuwa Mwafrika kama sisi na huko kwao Afrika ya kaskazini alikuwa na mazoea ya kubeba uji, mkate na divai kupeleka kwenye makaburi ya mashahidi. Alipomfuata mwanawe Milano akafika na kikapu chake, bawabu akamzuia, akaambiwa Askofu Ambrosi amekataza, kwa sababu wengine walikuwa wanageuza ulevi na yalifanana na sherehe za wapagani za wafu. Monika hakugomba. Kikapu akakigeuza sadaka kwa maskini, kaburini akaenda na sala. "Kwa hivyo chakula leteni," katekista akasema, "ila mlaji awe hai."

Mjomba akafikiri, akasema basi yule aliye hai ni yeye. Tembo lake la mnazi linangoja nyumbani, akirudi anakaa chini ya mwembe anakumbuka mamake na glasi yake, na mama haoni. Amani.

Tena hata ukiacha dini, hapa Mombasa chakula juu ya kaburi hakimfikii yeyote ila kunguru. Mwaka wa kwanza shangazi aliweka sahani ya wali na kipande cha samaki, tukafumba macho kwa sala. Baba Yetu haijafika "mkate wetu" kunguru wamejaa msalabani, mmoja amechukua samaki, sahani imeanguka imevunjika, wali umetapakaa kwenye teraso tuliyosugua na mafuta yameingia. Siku ya pili vijana wanasema siafu walijaa.

Mpango wetu sasa ni huu. Twapika alichopenda marehemu, mahamri na mbaazi za nazi. Unga kilo mbili hutupa mahamri sitini hivi ukikata ya wastani, mbaazi kilo moja na nusu zimelowekwa usiku, nazi tatu. Watu wetu ni kumi, yanayobaki ni ya vijana wa makaburini, mlinzi, na wale wazee wanaokaa nje ya geti. Mbaazi zichemshe usiku na tui jepesi ziive, lakini tui zito litie alfajiri na lichemke, manake nazi haivumilii joto. Ukilitia usiku ukaacha jikoni, asubuhi ukifunua utaona povu dogo dogo pembeni na harufu ya uchachu, hapo hakuna kuokoa, mwaga. Funga sufuria na taulo nene, chakula kiwe kimegawiwa ndani ya saa mbili baada ya kutoka jikoni. Tuliwahi kubeba biriani, kikafika kizuri, ila sala zikarefuka na hotuba za wazee, watu wanne waliumwa tumbo.

Chakula kinabaki kimefungwa mpaka mwisho. Mmoja wetu anakaa nacho kivulini hatoki. Wengi wanaokula ni Waislamu kwa hivyo hakuna nguruwe wala pombe kwenye kikapu, na wakipokea wanasema "Mungu amrehemu", ndicho tulichofuata.

Siku yenyewe

Misa ya saa kumi na mbili asubuhi kwanza. Saa moja na robo tuko getini. Watoto wameshaambiwa hawaruki juu ya makaburi, watu wazima kanga mabegani. Nafagia majani yaliyoanguka wiki hii, lita tano za maji zinatosha kupangusa vumbi. Chupa za mishumaa nyuma ya kibao pasipo na upepo, maua miguuni, uzi wa asumini mama anauvika mwenyewe.

Sala yetu haizidi nusu saa. Ishara ya msalaba, mkubwa anataja jina kamili la marehemu na ya wote waliolala pale ukoo mzima, twasoma Zaburi ya 130, fungu moja la rozari, Baba Yetu kwa nia za Baba Mtakatifu, maji ya baraka, halafu wote pamoja: "Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie, wapumzike kwa amani." Kisha mtu mmoja, mmoja tu, anasimulia jambo moja la marehemu kwa ajili ya watoto ambao hawakumwona. Mwaka jana ilikuwa ile ya bibi kushuka kwenye feri ya Likoni na jogoo aliyemtoroka, abiria wote wakimkimbiza.

Saa mbili u nusu twazima mishumaa kwa kuifunika, si kuipuliza, nta haitaruka. Karatasi, nyuzi, vijiti, vyote guniani. Twaenda getini na sufuria, mama ndiye anayepakua na anaanza na mzee asiyeona anayekaa karibu na ukuta, mahamri manne na mbaazi mpaka juu ya bakuli. Kunguru huwa wameshajipanga juu ya ukuta, wanasubiri mtoto mmoja tu azubae.